Saa ya rangi: anza pale anapoamka sasa

"Wa kwangu ana miaka mitatu na nusu, anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Saa ya rangi nimeiweka iwe nyekundu abaki kitandani, kisha kijani ya kumruhusu kutoka saa kumi na mbili, wiki nzima analia tu. Nakosea wapi?"

Dada, saa moja na nusu ya kungoja taa nyekundu ni ndefu mno kwa umri huo. Mtoto hajaona bado kwamba kijani huja kweli.

Wa kwangu naye aliamka muda huohuo. Nilianza na 04:40, dakika kumi tu za kusubiri. Kijani ikiwaka naingia palepale, nafungua pazia, "Kumekucha!" Akitoka mapema namrudisha kitandani bila maneno mengi. Akipatia asubuhi tatu mfululizo, nasogeza dakika kumi. Akishindwa mara mbili, narudi nyuma hatua moja. Kufika 05:50 kulituchukua zaidi ya mwezi.

Angalia umeme pia. Siku moja ulirudi saa tatu usiku, saa ikaanza upya 00:00, na kijani ya 04:40 ikawaka saa nane kasoro dakika ishirini usiku. Mtoto akatoka akishangilia, na hakuwa na kosa lolote. Tangu hapo naweka betri za akiba, na kila usiku nahakiki muda kabla hajalala.