Utani wa kumuaga mhasibu

"Ijumaa tunamuaga mhasibu wetu hapa Tabora, anahamia Dodoma. Nimepewa nafasi ya kumtania. Mpaka uko wapi?"

Ndugu, pesa usiguse kabisa. Ukisema "risiti zake zilikuwa zinapotea", mtacheka, ila bosi aliyekaa meza kuu atabaki na swali, na huenda ndiye atakayeulizwa habari zake na ofisi mpya. Ulevi, ugonjwa na kuchelewa kazini ni hivyo hivyo. Tania kinachojulikana na wote na kisichopimwa kazini: kugoma kuazimisha kalamu, au chai ya vijiko vitano vya sukari. Vichekesho vitatu, dakika tatu, basi. Utani wa kabila mwachie mtani wake. Mzaramo kwa Mnyamwezi anaeleweka, bosi kwa aliye chini yake hapana. Alhamisi msomee mhasibu vichekesho vyako faragha. Akinyamaza kidogo kabla ya kucheka, kifute hicho.