Asiandike barua ya kuacha kazi

*Mume wangu ana miaka 47, ni fundi mitambo kiwandani Chang'ombe, mshahara 900,000. Anachangia NSSF mwaka wa 11 sasa. Ocean Road wametuambia saratani imeshasambaa, hawezi kupona. Ametumia siku 30 za likizo ya ugonjwa. Ofisini wanamshauri aache kazi ili apewe pesa zake zote za NSSF. Je, ni kweli atapewa? — Mama wa wawili, Mbagala*

Pole sana, dada yangu. Kama barua hiyo haijaandikwa, isiandikwe. Kama ameiandika lakini bado iko nyumbani, ibaki hapo hapo.

Ushauri aliopewa ni wa zamani. Fao la kujitoa, lile la kuacha kazi na kuchukua michango yako yote, liliondolewa katika mageuzi ya mifuko ya mwaka 2018. Lililopo sasa ni fao la kukosa ajira, na hilo halimhusu mtu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Hata angestahili, ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi sita: kwake kama 300,000 kwa mwezi, yaani 1,800,000 basi.

Njia yake ni pensheni ya ulemavu. Najua neno hilo linawachanganya watu, maana mumeo hana kilema. Kwa mfuko, ulemavu ni kupoteza kwa kudumu uwezo wa kujipatia kipato, angalau theluthi mbili yake, kwa ajali au kwa ugonjwa, na kuthibitishwa na bodi ya madaktari. Mfuko hauulizi mgonjwa amebakiza muda gani wa kuishi. Unauliza kama anaweza kufanya kazi. Sheria inataka pia awe amechangia angalau miezi 36, na 12 kati yake iwe ya karibuni kabla ya kupoteza uwezo huo. Mumeo ana zaidi ya miezi 120, kwa hiyo idadi si tatizo.

Maombi mengi nimeyaona yakikwama kwenye ripoti ya daktari. Mara nyingi inaandikwa jina la ugonjwa, hatua uliyofikia na dawa anazotumia, inaishia hapo. Bodi ikiisoma haioni kitu kuhusu kazi. Muombe daktari wake aeleze kwamba mgonjwa ni fundi mitambo, kazi yake ni kusimama, kuinua na kufungua vyuma, ni lipi kati ya hayo hawezi tena, tangu tarehe gani, na kwamba hali hiyo haitarudi nyuma. Sentensi nne kama hizo zina uzito kuliko kurasa za vipimo.

Wakati hayo yanaendelea, abaki mwajiriwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 kwa nusu, mradi awasilishe cheti cha daktari. Ametumia 30, amebakiza 33 za mshahara kamili na 63 za nusu. Ni miezi mitatu na zaidi ya kufuatilia bodi huku kipato na michango vikiendelea.

Siku hizo zikiisha, mwajiri ndiye avunje mkataba kwa sababu ya ugonjwa, baada ya kukaa naye na kuangalia kama ipo kazi nyepesi. Tofauti hapo ni pesa kamili. Mwajiri akivunja mkataba kwa sababu hiyo, analipa kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka uliotimia, mwisho miaka 10. Kwa wiki ya siku sita, mshahara wake ni kama 34,615 kwa siku, ukizidisha kwa siku 70 unapata takriban 2,423,000. Akiacha mwenyewe hadai hata shilingi ya kiinua mgongo. Niliwahi kuletewa faili la mgonjwa aliyesaini barua ya namna hiyo akiwa kitandani. Mkewe alinililia, nami sikuwa na cha kumrudishia.

Wiki hii nenda tawi la NSSF na kitambulisho chake, pamoja na barua ya kukuruhusu kama hawezi kutembea. Chukua taarifa ya michango uikague mwezi kwa mwezi. Ukikuta mwezi ambao hati ya mshahara inaonyesha makato lakini mfuko hauna kitu, peleka nakala ya hati hiyo mfuko umdai mwajiri.

Akitangulia kabla bodi haijaamua, haki haifi, inageuka mafao ya warithi. Kwa hiyo peleka pia cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, uhakikishe majina yanafanana herufi kwa herufi na ya NIDA. Kosa la herufi moja, mwenyewe akiwepo, hulirekebisha kwa sahihi yake. Asipokuwepo, utalibeba wewe mahakamani pamoja na mirathi.