Saa 8 iliyonila pointi 25

Juzi msomaji mmoja wa Nachingwea kaniandikia kwa uchungu. Tafsiri yake ina makosa saba tu, kapewa 92, kazi imerudishwa. "Kaka, haya si maonevu?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Namba hiyohiyo iliwahi kuninyima usingizi hapa Mtwara.

Nilikuwa natafsiri kipeperushi cha maneno 400 cha kupulizia salfa ya unga kwenye mikorosho. Nimekulia Mikindani chini ya mikorosho hiyohiyo, nikajiona sina wa kunifundisha. Kiingereza kiliagiza kazi iishe kabla ya 8:00 a.m. Nikaandika "kabla ya saa 8", nikasonga mbele.

Mhakiki akanipigia. "Kaka, saa 8 huko kwenu jua liko wapi?"

"Limeshapita utosini, dada." Hapo ndipo moyo ukanilipuka. Salfa hupulizwa asubuhi mapema, umande ungali majanini ili unga ushike, upepo ukiwa bado umetulia. Saa 8 mchana unga unapeperuka na kumrudia mpulizaji machoni. Ilipaswa kuwa saa 2 asubuhi.

Bado nikabisha! Nikasema hilo ni suala la namna ya kuandika saa, tena tarakimu moja, basi liwe kosa dogo. Akanijibu kwamba aina ya kosa inaonyesha limetokea wapi. Uzito unaonyesha litamfanya nini msomaji. Na sentensi yangu ilikuwa imenyooka, kwa hiyo mkulima asingeshtuka. Angeitii.

Katika MQM, mfumo wa kupima ubora wa tafsiri tulioutumia, kosa dogo lilikatwa 1, kubwa 5, la hatari 25. Mimi nilikuwa na madogo sita, mengi ya koma na tahajia, na hilo moja la hatari. Jumla 31:

```
100 × (1 − 31/400) = 92.25
```

Tulikubaliana kazi ipite kwa 95. Kama yote saba yangehesabiwa madogo, ningepata 98.25 na kutamba nayo Shangani nzima.

Jamani, acheni kuhesabu makosa kama korosho guniani. Ila na fomula nayo msiiabudu. Makosa yangu yaleyale yangekuwa ndani ya maneno 4,000, ningepata 99.2 na kupita, huku saa 8 ikimsubiri mkulima palepale. Ndiyo maana siku hizi, kabla sijagusa kazi, nataka tuandikiane kwamba kosa moja la hatari linaiangusha tafsiri, alama ziwe zozote. Na ukitaka kubisha, bishania uzito wa kosa fulani kwa kueleza msomaji atafanya nini akilisoma. Kulalamikia idadi hakukusaidii; nililalamika siku mbili, sikurudishiwa hata pointi moja.

Yule wa Nachingwea nilimwomba karatasi ya alama. Kosa la nne: dawa ya kuchanganya na maji, mililita 20 kaandika lita 20.