Saspensheni inayosikika kama kosa
"Nikiweka saspensheni kwenye wimbo wa sauti nne, inasikika kama mtu amekosea noti. Tatizo ni nini?"

Saspensheni ni noti inayoshikiliwa kutoka kodi iliyotangulia hadi igongane na kodi mpya, kisha ishuke; kwa hiyo angalia maandalizi yake kwanza. Noti itakayogongana lazima iwe imeshaimbwa na sauti hiyohiyo kwenye kodi iliyotangulia, ikiwa imetulia.

Anza na kodi ya do: besi do, tenori mi, alto so, soprano do. Kwenye pigo lenye nguvu, besi anakwenda so, tenori anashuka re, alto anabaki so, lakini soprano anaing'ang'ania do yake. Hapo ndipo panapokwaruza. Pigo linalofuata, soprano anashuka hatua moja tu hadi ti, huo ndio utatuzi, na kodi ya so inakamilika.

Kagua pia alto: akiimba ti wakati soprano bado ameshika do, mgongano unachafuka na utatuzi unakosa utamu.