Swali la lugha: kistari cha mwisho wa mstari, kibaki au kiondoke?

*"Mwalimu, napiga picha kurasa za vitabu vya zamani vya Kiswahili kisha nazigeuza kuwa maandishi ya kompyuta, aya moja moja, bila kufuata mistari ya kitabu. Tatizo langu ni maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari kwa kistari. Je, niache kistari, nikitoe, au niweke nafasi? Na maneno kama mbali-mbali je?"*

Kitoe, na usiweke nafasi yoyote. Kistari hicho si cha mwandishi, ni cha mpiga chapa. Alikiweka kwa sababu neno halikuenea kwenye upana wa ukurasa wake, na wewe unapoiandika aya kwa mfululizo upana ule haupo tena. Kazi iko kwenye vistari vichache ambavyo ni vya mwandishi lakini kwa bahati vimeangukia mwisho wa mstari. Hivyo ukivitoa utakuwa umebadilisha maandishi ya mtu.

Nimetunga aya fupi yenye mambo haya yote. Chukulia picha yako inasomeka hivi:

Mvua ilipokatika, wakazi wa mitaa mbali-
mbali walitoka kuangalia hasara. Ali-
fika pia mjumbe wa Chama cha Afro-
Shirazi, akaona kwamba shule hai-
na paa wala madirisha.

Kuna vistari vinne, na si vya aina moja. Anza na "Ali-fika" na "hai-na", maana hapo ndipo Kiswahili kinapomtega mtu. Vitenzi vyetu huanza na viambishi, na mpiga chapa hupenda kukata baada ya kiambishi kwa kuwa silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Kipande kinachobaki juu mara nyingi huwa neno kamili kikisimama peke yake. Ukitoa kistari ukaacha nafasi, unapata "Ali fika pia mjumbe", na msomaji anadhani kuna mtu aitwaye Ali anayeamrishwa afike. Chini yake unapata "shule hai na paa", kana kwamba shule ina uhai. Kikagua tahajia hakitakusaidia, kwa sababu Ali, fika, hai na paa yote ni maneno sahihi. Jihadhari vivyo hivyo na "wali-kuwa", "ana-penda", "si-kuona", "kwa-ni" na "wana-kijiji". Njia ya kuyagundua makosa haya ni kuisoma sentensi nzima kwa sauti baada ya kuunganisha, sio kulitazama neno peke yake.

"Afro-Shirazi" ni kinyume chake. Chama hicho cha Zanzibar, kilichoungana na TANU mwaka 1977 ikazaliwa CCM, kwa kawaida kiliandikwa kwa kistari, hata katikati ya mstari. Hapa unatoa mkato wa mstari tu, kistari kinabaki, na hakuna nafasi upande wowote. Vistari vya namna hii utavikuta kwenye majina ya watu na vyama, kwenye "kamusi ya Kiswahili-Kiingereza", kwenye majina ya ngeli kama KI-VI na A-WA, na kati ya miaka kama 1964-1977. Karibu vyote vina dalili moja: kinachofuata kistari ni herufi kubwa au tarakimu. Neno lililokatwa na mpiga chapa huendelea kwa herufi ndogo, isipokuwa kama limo kwenye kichwa cha habari kilichochapwa kwa herufi kubwa tupu.

Sasa "mbali-mbali", uliyoitaja mwenyewe. Leo tunaandika mbalimbali, neno moja, na ndivyo kamusi zinavyoliorodhesha. Zamani wengine waliandika "mbali mbali" kwa maneno mawili, na wengine "mbali-mbali". Katika aya yetu, umbo la "mbali mbali" tunaweza kulifuta mara moja. Kama mwandishi angekuwa na maneno mawili, mpiga chapa asingehitaji kistari. Angeshuka tu mstari wa pili. Zimebaki mbalimbali na mbali-mbali, na mstari wenyewe hauwezi kukuamulia. Tafuta neno hilohilo mahali pengine katika kitabu kile, likiwa katikati ya mstari. Ukilikuta "mbali-mbali" kurasa tatu mbele, basi huo ndio mwendo wa mwandishi, uheshimu hata kama huupendi. Usipolikuta popote, tafuta ndugu zake, yaani polepole, sawasawa na mbiombio, uone anavyoyaandika. Ukikosa yote, andika mbalimbali. Mimi hufuata njia hiyohiyo kwa "Ki-Swahili" na "Wa-Swahili", ambavyo utavikuta katika vitabu vya zamani hata katikati ya mstari. Hapo usimsahihishe mwandishi. Wewe unanakili, huhariri.

Aya yetu ikinakiliwa vizuri inakuwa: "Mvua ilipokatika, wakazi wa mitaa mbalimbali walitoka kuangalia hasara. Alifika pia mjumbe wa Chama cha Afro-Shirazi, akaona kwamba shule haina paa wala madirisha."

Kama kurasa ni nyingi na unatumia Notepad++, fungua dirisha la Replace, chagua Regular expression, weka alama kwenye Match case, kisha tafuta na ubadilishe hivi:

```
Find what:     ([a-z])-\h*\R\h*([a-z])
Replace with:  $1$2
```

Amri hii inaunganisha pale tu herufi ndogo iko pande zote mbili, hivyo katika aya yetu inashughulikia vistari vitatu na kuiacha Afro-Shirazi uiunganishe kwa mkono. Lakini haijui tofauti ya mbalimbali na mbali-mbali, kwa hiyo bonyeza Find Next ukitazama kila neno, usikimbilie Replace All. Fanya hivi kabla ya kugeuza mikato ya mistari kuwa nafasi. Ukitangulia kugeuza mikato, utabaki na "hai- na" kila mahali na amri haitaona kitu. Mwisho wa yote tafuta kistari kinachofuatwa na nafasi, nawe utaviona vilivyoponyoka.

Yapo mambo mawili ambayo amri yoyote itayakosa. La kwanza ni mkunjo wa kitabu. Picha ikipigwa kitabu kikiwa hakijalazwa vizuri, mwisho wa mistari ya ukurasa wa kushoto huzama kwenye kivuli na kistari hakionekani. Kinachobaki ni "nilimwa" juu na "mbia" chini. Kipande kama "nilimwa" hakiwezi kusimama peke yake, kwa hiyo utakigundua. Kwa "hai" na "na" huna dalili hiyo, na hapo piga picha upya ukikandamiza ukurasa.

La pili ni neno lililokatwa kati ya kurasa mbili. Ukurasa unaishia "waki-", halafu programu ya kusoma picha inaleta tanbihi ya chini, namba ya ukurasa na kichwa cha sura, ndipo "kaa" inafuata. Kila unapomaliza ukurasa, tazama neno lake la mwisho kwa macho yako. Likiwa limekatwa, lote liandike kwenye ukurasa lilikoanzia, na ukurasa unaofuata uanze na neno linalofuata.