Maua yakae sehemu moja tu

Swali la wiki: "Sofa zangu ni za maruni na sebule ni ndogo. Nichague mapazia na zulia la rangi gani ili pasionekane pamejaa?"

Mhariri, mimi ningeutazama ukuta kabla ya kwenda dukani. Maruni ni rangi nzito, na sofa tayari zimechukua nafasi kubwa. Ukileta mapazia ya maruni na zulia la maruni ili vifanane, chumba kitaonekana kidogo kuliko kilivyo.

Pazia lifuate ukuta, lisifuate sofa. Ukuta wa krimu upewe krimu iliyokolea kidogo au rangi ya mchanga, bila maua. Bomba la pazia lifungwe karibu na dari, na pazia lishuke mpaka karibu na sakafu, kwa sababu pazia linaloishia chini kidogo ya dirisha huukata ukuta vipande viwili. Upana wa kitambaa ukiwa mara mbili ya dirisha unatosha: dirisha la mita 1.5 linataka mita 3. Ukizidisha sana, hata likifunguliwa mikunjo inarundikana pembeni.

Maua na michoro viachie zulia peke yake. Dada yangu wa Sinza alikuwa na sofa kama za aliyeuliza, ukuta wa krimu, mapazia ya dhahabu yenye maua makubwa, na zulia la manyoya jekundu lenye miraba myeusi. Kila kitu kilikuwa kizuri kivyake, ila vyote vilikuwa vinagombania macho. Sofa hatukuzigusa. Mapazia yakawa ya rangi ya mchanga, na zulia likawa la mchanga lenye mistari myembamba ya maruni. Maruni ile kidogo ndiyo inayolifunga zulia na sofa. Dhahabu aliipenda sana, kwa hiyo pazia la zamani lilishonwa mito miwili, basi.

Ukubwa wa zulia nao una kazi. La kwanza lilikuwa dogo, limekaa chini ya meza peke yake, na sakafu ikaonekana ina viraka. Hili la mita 2 kwa 3 linaingia chini ya miguu ya mbele ya sofa, na eneo lote la kukaa linaonekana kitu kimoja. Kama una watoto wadogo, chukua lenye nyuzi za rangi mbili tatu zilizochanganyika, maana la mchanga mtupu huonyesha kila doa.

Nenda dukani na foronya ya mto wa sofa, uilinganishe na kitambaa nje kwenye mwanga wa jua. Kisha omba kipande ukakitazame nyumbani usiku, kwani taa ya manjano huifanya krimu iwe ya njano zaidi.

Na kama nyumba ni ya kupanga na ukuta ni wa bluu iliyokolea, hapo pazia lisiufuate ukuta, usitafute la bluu. Chukua kijivu hafifu, halafu zulia lichanganye kijivu hicho na maruni.