Saa inasoma 148 na nina mimba: nipunguze mwendo?

"Nina mimba ya wiki 24, natembea Karura asubuhi. Nikipanda mwinuko saa inasoma mapigo ya moyo 148 kwa dakika, na niliambiwa nisivuke 140. Niache?"

Usiache, dada. Hiyo 140 ilitoka kwenye mwongozo wa madaktari wa uzazi wa Marekani wa mwaka 1985, na wenyewe waliiondoa 1994. Mimba hupandisha mapigo hata ukiwa umekaa, mara nyingi kwa 10 hadi 20 kwa dakika, na yanavyoitikia mazoezi hutofautiana sana kati ya mama na mama. Kwa hiyo 148 yako yaweza kuwa kazi ya wastani tu, na kwa mwenzako ikawa nzito.

Pima kwa maneno. Ukiwa katikati ya mwinuko, sema kwa sauti: "Nikitoka hapa napitia sokoni kununua sukuma na nyanya." Ukiimaliza bila kukatika, ingawa kuimba huwezi, kasi ni sawa. Ukilazimika kuvuta pumzi kila baada ya maneno mawili matatu, punguza mwendo mpaka sentensi irudi. Jaribu papo hapo unapopanda. Ukingoja ufike juu upumzike, utajidanganya.

Kama unameza dawa ya presha kama labetalol, saa ndiyo usiiamini kabisa: hiyo dawa hushusha mapigo hata ukiwa umechoka.

Ila damu, maji kuvuja, kizunguzungu, maumivu ya kifua, au kukosa pumzi kabla hata hujaanza kutembea, hayo si ya kupima kwa maneno. Simama, nenda kliniki siku hiyo hiyo.